Ukivaa Koti Wazi, Ndani Nako Ni Nje: Tuongee Kuhusu Bitana na Shingo ya Ndani

Leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi mnakicheka kwenye komenti bila kujua mnachokicheka ni nini hasa.

Kuna picha ya staa mmoja wa muziki, jina kapuni, imezunguka sana. Jamaa kapigilia koti refu la kitenge, kaliacha wazi, ndani fulana nyeupe, chini suruali nyeusi na raba safi. Kwa mbele koti linawaka kwelikweli. Tatizo mpiga picha kamnasa akiwa anatembea, upepo umelifungua koti na upande wa kushoto wote umegeuka. Kule ndani kitenge kimepauka kama kimefuliwa mara mia, uzi wa ovaloki unaonekana, na nyuma ya shingo kuna kipande cheupe utadhani kimekatwa kwenye shuka.

Komenti mnazijua. "Kavaa koti kinyume." "Kaishiwa huyu." Halafu wakaanza kumtafuta fundi ili nae apate dozi yake.

Mimi naona hivi. Staa hajaishiwa, na fundi inawezekana kabisa hana kosa. Lile koti limeshonwa kama koti la kufungwa, halafu likavaliwa kama koti la kuachwa wazi. Hizo ni nguo mbili tofauti jamani, hata kama kwa nje zinafanana kila kitu. Na hili haliwahusu mastaa peke yao, kwa sababu msimu wa harusi ukifika nusu ya vijana wa mjini wanashona makoti ya aina hiyohiyo, wanalipa hela zao, halafu picha zikitoka ndo wanagundua kule ndani kunaonekana. Picha za harusi hazirudiwi.

Tuanze na kitambaa chenyewe, maana watu wanadhani kitenge ni kitenge tu. Vitenge vingi vinavyouzwa kwa bei ya kawaida vimechapwa upande mmoja. Mashine inapiga rangi juu, rangi inazama kidogo, upande wa chini unabaki na kivuli cha maua. Ukikigeuza unaona kama picha iliyofifia. Vile vya waksi ni tofauti. Utomvu unaozuia rangi unawekwa pande zote mbili za kitambaa, kisha kitambaa kinazamishwa kwenye rangi, kwa hiyo ua linatokea juu na chini karibu sawa. Siku hizi kuna na vile vya kuchapwa kwa mashine pande zote mbili, ambavyo si waksi halisi, lakini kwa kazi yetu ya koti vinatosha. Sihukumu nani kanunua orijino na nani kanunua feki. Nachosema ni kwamba ukiwa dukani Kariakoo, kabla hujatoa hela, geuza kona ya kitambaa uiweke juu ya upande wa mbele. Ukiona tofauti ukiwa umesimama hatua mbili, basi na mpiga picha ataiona.

Kitambaa kupauka kwa chini sio aibu lakini. Angalia jinzi. Jinzi inafumwa kwa nyuzi za bluu zinazoenda urefu na nyuzi nyeupe zinazokatiza upana, na ule mfumo wa mshazari unazileta bluu juu na kuziacha nyeupe chini. Ndo maana ukikunja pindo la jinzi unaona weupe, na hakuna mtu anayekucheka. Koti la jinzi likifunguka na kuonyesha weupe wake, tunaona ni mtindo. Kwa nini? Kwa sababu mishono ya jinzi imeshonwa ili ionekane, kingo zimekunjwa, na ule weupe uko sawasawa kila sehemu. Macho yanaelewa kwamba hapa mtu alikusudia. Kwenye koti la yule staa macho yaliona kitu ambacho hakikukusudiwa kuonwa. Hiyo ndo tofauti yote.

Sasa nikupe siri ambayo watu wengi wanaovaa suti hawaijui. Chukua koti la suti, angalia ile kola ya kifuani inayolala kushoto na kulia. Ile unayoiona sio upande wa nje wa koti. Ni upande wa ndani uliogeuzwa nje. Koti la suti kwa mbele lina matabaka mawili: kitambaa cha nje, na ukanda wa ndani, yaani kile kipande kirefu cha kitambaa hichohicho kinachoshuka kwa ndani kuanzia begani mpaka pindo, halafu bitana inaanzia pale kinapoishia. Juu ya kifungo, ukanda ule unageuka na kulala kifuani ukawa kola. Chini ya kifungo unabaki umejificha. Kwa hiyo kila siku unavaa ndani ya koti lako nje na hujawahi kushtuka, kwa sababu fundi aliyebuni kitu hicho alijua kabisa kitaonekana akaweka kitambaa kizuri.

Na fundi mzuri utamjua kwenye ukingo. Pale kola inapogeuka, anauvuta mshono kidogo, milimita 1 au 2, ulale kwa chini ili usiuone. Ukishuka chini ya kifungo anaubadilisha, mshono unalala kwa ndani. Kama hakufanya hivyo, utaona uzi mwembamba wa kitambaa cha chini unachungulia pembeni ya kola kuanzia juu mpaka chini. Kwenye suti nyeusi mtu hawezi kuuona. Kwenye kitenge chenye mgongo mweupe unaonekana kama umechorwa na chaki.

Turudi kwenye shingo, maana hapa ndo watu wanaumbuka zaidi. Ukiacha koti wazi, linarudi nyuma kidogo kwenye mabega. Mtu aliye mbele yako anaona ile sehemu ya ndani nyuma ya shingo, pale panapowekwa lebo. Kama kola ni ya kichina, ile inayosimama, ndo kabisa: koti likiwa limefungwa ndani ya kola hakuonekani, ukilifungua pande zote mbili za mbele zinatanuka na ndani ya kola kunakuwa uso wa mbele. Mafundi wengi wanabana matumizi hapo. Nje wanaweka kitenge, ndani wanaweka kipande chochote cheupe kilichobaki, wakiamini mteja atafunga kifungo cha juu.

Kipande cheupe kina ubaya mwingine. Pale ndo jasho la shingo linapokaa, na kwa dada zetu ndo poda ya usoni inapofutikia. Saa mbili tu ukumbini kinakuwa na mstari wa kahawia. Bora ndani ya kola kuwe na kitambaa kilekile cha nje, au rangi nzito inayofanana na ua mojawapo la kitenge. Halafu kuna suala la kipimo. Kwenye kola ya kusimama, kile kipande cha ndani kinatakiwa kiwe kifupi kuliko cha nje kwa kama milimita 2 au 3, kwa sababu kinazunguka duara dogo zaidi. Vikikatwa sawa, cha ndani kinabaki na ziada, kinajikunja na kufanya vimatuta shingoni. Kwenye kola ya kulala ni kinyume chake: ile ya juu ndo inaongezwa kidogo, ili ikilala ifunike ya chini bila kuivuta itokeze.

Sasa tufike kwenye swali la msingi: ndani kufunikwe mpaka wapi? Hapa sitaki kubahatisha, nitakuelezea nilichokiona kwa fundi mmoja wa Sinza, mama mtu mzima, mtulivu, ambaye hana muda wa mitandao. Nilimkuta na kijana aliyekuwa anasimamia harusi ya rafiki yake.

Kijana kamwamkia, "Shikamoo mama," kamwekea kitenge mezani pisi nzima ya yadi 6, kamwonyesha picha kwenye simu. Mama kaiangalia, swali lake la kwanza halikuwa kuhusu kifua wala mabega.

"Mwanangu, utalifunga au utaliacha?"

"Nitaliacha wazi mama. Ndani navaa shati jeupe."

"Kwa hiyo unataka koti mbili kwa bei ya moja," mama akacheka. "Haya, njoo."

Kamvalisha koti la zamani la urefu uleule, akamwambia aweke mikono mfukoni, atembee mpaka mlangoni na kurudi, akae kwenye kiti, anyanyue mkono kama anashika simu ajipige picha. Kila alipokuwa anasimama, mama alikuwa anaangalia ukingo wa mbele umegeuka mpaka wapi na kuweka alama ya chaki kwa ndani. Mikono ikiwa mfukoni, pindo lilikuwa linageuka sentimita 16. Kifuani 9. Karibu na shingo 6. Ndo akaamua: ukanda wa ndani utakuwa sentimita 20 chini, 12 kifuani, na 8 begani. Yaani kila sehemu kaongeza kidogo juu ya alama, ili hata kijana akicheza muziki bado macho yakutane na kitenge cha upande wa mbele.

Hapo nilipenda, maana mafundi wengi wanakata ukanda wa sentimita 5 au 6 toka juu mpaka chini, kwa mazoea. Kwa koti la kufungwa unatosha. Kwa koti la wazi linalogeuka sentimita 16, maana yake kuna sentimita 10 za aibu.

Najua mnajiuliza kitambaa kinaongezeka kiasi gani. Tupige hesabu ya koti lile. Mbele lilikuwa na urefu wa sentimita 80. Ukiweka na za mshono na pindo inakuwa 85. Upana wa ukanda kwenye sehemu pana ni 20, weka 2 za mshono, 22. Kanda mbili zikilala pamoja ni 44. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115, kwa hiyo pembeni zinabaki 71, na hapo kinatoka kipande cha nyuma ya shingo pamoja na ndani ya kola, na chenji inabaki. Yote yameingia ndani ya yadi 1, ambayo ni kama sentimita 91. Koti lenyewe lilikula karibu yadi 3. Jumla 4. Kwenye pisi ya yadi 6 bado kijana alibakiwa na kitambaa. Kwa hiyo anayekwambia kitambaa hakikutosha kuweka ndani, muulize vizuri alikuwa anakata nini.

Kazi lakini inaongezeka, na hapo tuwe wakweli. Ukanda unatakiwa ubandikwe kile kitambaa kigumu cha kugandisha kwa pasi ili usilegee, halafu bitana ishonwe kwenye ukanda badala ya kwenye ukingo. Hiyo ni nusu siku nyingine ya fundi. Mteja anayetaka koti la wazi kwa bei ya koti la kufungwa ndo anayesababisha kipande cha shuka shingoni. Mi nasema wazi: hiyo hela lipa, au funga vifungo.

Kuhusu bitana yenyewe, nina mambo mawili tu. La kwanza, kitenge cha pamba kinarudi kikifuliwa mara ya kwanza, bitana ya poliesta hairudi. Ukishona bila kukiloweka kwanza, siku ukilifua koti la nje linafupika, bitana inabaki na urefu wake, na inaanza kuning'inia chini ya pindo kama sketi ya ndani. Watu wanadhani bitana imekatika, kumbe koti ndo limepanda. Dawa yake ni kuloweka kitenge, kukianika, kukipiga pasi, ndo kikatwe. Na pindo la bitana liishie kama sentimita 2 juu ya pindo la koti, likiwa na mkunjo mdogo wa kupumulia.

La pili, bitana isibane. Mgongoni katikati inatakiwa kuwa na mkunjo wa kama sentimita 2 unaofunguka ukinyoosha mikono mbele. Kama haupo, bitana inavuta kingo za mbele, na koti lako linajifungua lenyewe hata usipotaka. Ukivaa koti ukaona kingo za mbele zinakimbiana kuelekea mbavuni, usimlaumu upepo. Angalia bitana.

Kuna watakaosema joto la Dar haliruhusu bitana. Ni kweli, poliesta kila sehemu ni kujichemsha. Lakini hakuna aliyesema ufunike kila sehemu. Weka bitana nusu: mabegani, sehemu ya juu ya mgongo, na mikononi ili koti liteleze ukivaa. Ukanda wa mbele upo, shingo imefunikwa, na mishono iliyobaki wazi ifungwe kwa utepe wa kitambaa badala ya kuachwa na ovaloki tupu. Macho ya watu hayafiki katikati ya mgongo wako wa ndani. Yanafika mbele na shingoni.

Sasa wale wa rangi kali. Kuna mtangazaji mmoja, nae jina kapuni, kavaa suti ya bluu iliyoiva, akifungua koti ndani ni bitana ya chungwa. Kuna waliosema anatafuta kiki. Mi nampa tano. Huo ni utamaduni wa muda mrefu. Wakongo wa Sape, kuanzia Brazavili mpaka Kinshasa, kulifungua koti ili bitana na lebo vionekane ni sehemu ya shoo yenyewe. Kule Landani, Ozwald Boateng, mbunifu mwenye asili ya Ghana, kajijengea jina kwa suti za kata ya Kiingereza zenye rangi kali na bitana zinazopiga kelele. Mtangazaji wetu kafuata njia hiyohiyo. Ukimwangalia vizuri, rangi ya chungwa ilikuwa na mpaka ulionyooka, ukanda wa bluu umekaa pale ulipotakiwa, na shingoni bluu imezunguka vizuri kabla chungwa halijaanza. Ilionekana kwa sababu alitaka ionekane. Chungwa hilohilo likichungulia chini ya pindo lingekuwa kichekesho.

Kwa hiyo ukitaka kumhukumu mtu kwenye picha, swali lisiwe "ndani kunaonekana?" Ukivaa wazi ndani kutaonekana tu. Swali ni kama kulitayarishwa. Angalia vitu vitatu: mpaka wa ukanda na bitana umenyooka au unayumba, ndani ya kola kuna kitambaa cha maana au kipande cha kubahatisha, na kingo za mbele zimetulia au zinavutana. Hapo ndo utajua kazi ni ya fundi gani na mteja alilipa nini.

Kilichonikera kwenye ile picha ya staa ni jinsi watu walivyomtafuta fundi mpaka wakampata, wakamwagia matusi kwenye ukurasa wake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza alipewa maelekezo gani. Fundi anaishi kwa jina. Ukimchafulia jina kwa kosa la mtu aliyeagiza koti la kufungwa halafu mbele ya kamera akaliachia, umemnyang'anya wateja wa msimu mzima. Na mastaa wetu wana watu wa kuwavalisha siku hizi. Kazi ya mtu huyo ni kumgeuza msanii mbele ya kioo, kumwambia tembea, kaa, nyanyua mkono, kabla mpiga picha hajafanya hivyo. Dakika 2 zinatosha. Kama koti halijatayarishwa ndani, anamfunga kifungo kimoja cha katikati, basi, kola inalala, pindo linatulia, na hakuna atakayejua.

Na wewe unayeshona kwa ajili ya Desemba, usimwambie fundi "nataka kama hili la kwenye picha." Picha haionyeshi ndani. Mwambie nitaliacha wazi, mwonyeshe litageuka mpaka wapi, mkubaliane bei ya ukanda na shingo, ndo mkasi uingie kwenye kitambaa. Mkasi ukishapita kuongeza upana ni kuunga vipande, na viungo navyo vinaonekana.

Haya, uwanja ni wenu. Nani anashona ndani vizuri mjini hapa, na anatoza kiasi gani? Tutajane mafundi wazuri, matusi mkayaache nyumbani.